Uzi: Naombeni mnikosoe shairi la upweke wa mwaka wa kwanza, nalipeleka jarida la chuo

KijanaWaBaridi

Wadau habari za jioni. Mimi ni mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa Dar, nyumbani ni Makete huko Njombe. Jarida la wanafunzi wametangaza wanataka mashairi, beti zisizidi sita, mada ni maisha ya mwaka wa kwanza, mwisho wa kutuma Ijumaa. Nimeandika la upweke na kukumbuka nyumbani, nimefuata nane nane kama tulivyofundishwa sekondari ila nikilisoma naona kama halina chumvi, rafiki yangu kasema zuri lakini yule kila kitu kwake zuri. Naweka beti tatu hapa, semeni ukweli tu msinionee huruma.

*Upweke wanisumbua, moyoni nina huzuni,*
*Nyumbani nakumbukia, machozi yangu machoni,*
*Wa kunifariji pia, sijampata jamani,*
*Ewe upweke sikia, niondokee moyoni.*

*Chumbani tuko wanane, kila mtu na simuye,*
*Hatujuani wengine, mmoja na safariye,*
*Usiku niko mwenyewe, namkumbuka mamaye,*
*Ewe upweke sikia, niondokee moyoni.*

*Nitasoma kwa bidii, mwisho nitafanikiwa,*
*Wazazi nitawatii, nao watafurahiwa,*
*Upweke hunitishii, shujaa nimezaliwa,*
*Ewe upweke sikia, niondokee moyoni.*

chingaWaSavei

Kaza dogo, wote tumepita huko. Jiunge na kwaya au timu ya mpira, upweke unaisha wenyewe. Na kama hali ni mbaya nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi usikae nayo ndani.

KijanaWaBaridi

Asante kaka ila nipo sawa, naulizia shairi.

chingaWaSavei

Ndo wanavyosemaga wote "nipo sawa".

fundi_vina

Shairi limekaa vizuri mkuu, mizani imetimia yote nimehesabu. Kosa ni moja tu, ubeti wa pili mshororo wa tatu kina cha kati. Umeanza na NE, wanaNE, wengiNE, halafu ghafla mwenyeWE. Hiyo ni guni. Rekebisha hapo utume, mengine yote safi.

Malenga_Mstaafu

Fundi kasema kweli kuhusu mwenyewe. Lakini kama kosa lingekuwa hilo tu nisingeandika.

Mdogo wangu, soma tena pale "namkumbuka mamaye". Mamaye ni mama wa nani? Ni mama yake yule. Yaani umekaa kitandani usiku kucha unamlilia mama wa mtu mwingine. Umeshasema simuye na safariye, sasa kina kimekushika shati, ukaona "mama yangu" haiingii ukamchukua mama wa jirani. Hapo vina vinakuendesha badala ya wewe kuviendesha, na wenye jarida wakigundua watacheka mpaka Krismasi.

Halafu ubeti wa kwanza. Toa "pia", toa "jamani", uone kama kuna kinachopotea. Hakuna. Hayo ni maneno ya kujazia mizani, kila mtunzi anayo mfukoni na mtunzi mchanga huyatumia mpaka yanatoboka. Msomaji hajui ni kwa nini anaona uzito haupo ila anauona. Sasa angalia kitu kimoja tu katika beti zote tatu ambacho mwanafunzi wa Bukoba au wa Lindi asingeweza kukiandika vilevile. Kipo kimoja: "chumbani tuko wanane, kila mtu na simuye". Hapo nilikaa sawa nikadhani sasa tunaingia ndani, ukanitoa nje tena.

Nijibu maswali matatu, usinijibu kwa shairi, jibu kwa maneno ya kawaida. Umekuja na nini kutoka Makete ambacho hapo Dar hukitumii? Unalala wapi hasa? Na mama akipiga simu unamwambiaje?

dadaWaKibaha

Maswali ya mzee hayo kama polisi 😂 ila kweli.

KijanaWaBaridi

Shikamoo mzee. Haya najibu.

Nilikuja na sweta zito mama alilifuma mwenyewe, kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inauma kwelikweli na yeye hajawahi kufika Dar akajua baridi ni ya nchi nzima. Lipo kwenye begi halijavaliwa hata siku moja, bado linanuka moshi manake kule tunaota moto jikoni.

Kulala, sikupata chumba, nimebebwa na jamaa tuliyesoma naye A level. Mchana godoro langu tunalisukumia chini ya kitanda chake, usiku nalivuta natandika sakafuni kati ya vitanda, miguu inafika mlangoni. Wenzangu wakirudi usiku toka maktaba wananiruka.

Mama anapiga Jumapili jioni. Nyumbani mtandao haushiki mpaka apande kile kilima nyuma ya kanisa kwahiyo akipiga anahema. Namwambia mi mzima, nakula vizuri. Ila saivi bumu bado so napiga pasi ndefu, nakula mara moja saa kumi basi. Siwezi kumwambia hivyo atauza mbuzi.

Malenga_Mstaafu

Marahaba. Shairi lako ndio hilo hapo juu, umeliandika sasa hivi bila kujua. Lile la kwanza litupe.

Na kibwagizo chako ni ile simu. "Ewe upweke sikia" hakuna binadamu anayesema hivyo usiku saa nane sakafuni. Lakini kila mwanafunzi anasema "mama mimi ni mzima". Sasa fikiria kazi ya kibwagizo ni kurudi. Neno likirudi bila kubadilika, kinachobadilika ni kilicho juu yake. Ubeti wa kwanza ukisema mi mzima msomaji anaamini. Ukishamwonyesha sakafu anaanza kusita. Ukimwonyesha pasi ndefu halafu useme tena "nakula vyema", hapo huhitaji kumwambia una huzuni, atajua mwenyewe. Neno upweke lisionekane kabisa ndani ya shairi, liweke kwenye kichwa au liache.

Jaribu hiki: *Mama mimi ni mzima, chakula nakula vyema.* Kina cha kati MA na cha mwisho MA. Beti za juu utachagua vina vyako.

fundi_vina

Mzee kwa heshima zote hapo umechemka. Ma-ma-mi-mi-ni-mzi-ma. Saba hiyo. Kipande cha pili ndo nane.

Malenga_Mstaafu

Piga makofi unapotamka, fundi. M-zi-ma. Kile "m" kinasimama peke yake, kofi lake lipo.

fundi_vina

Mbona kwenye mbuzi hakisimami? Mbu-zi mbili tu. M ni m.

Malenga_Mstaafu

Swali zuri. Jaribio langu ni rahisi, nimewafundishia watoto miaka mingi. Geuza neno liwe wingi. Mzima, wazima. Mtu, watu. Mlango, milango. Unaona pale "m" ilipokaa panakuja WA au MI, silabi nzima. Kama nafasi ni ya silabi basi na "m" inahesabiwa silabi. Mbuzi wingi wake ni mbuzi, hakuna kilichobadilishwa, ile "m" imeng'ang'ania "b" hawaachani.

fundi_vina

Haya mwenzangu, wenzangu. Kwa hesabu yako mwenzangu ni nne, m-we-nza-ngu. Mbona watu wote wanahesabu tatu?

Malenga_Mstaafu

Kwa sababu baada ya "m" imekuja irabu, kwa hiyo imegeuka mw na kumezwa, mwe-nza-ngu. Jaribio langu ni la "m" inayofuatwa na konsonanti. Na lina mipaka, pumzi kwa mfano haina m ya wingi lakini ni pu-m-zi tatu, sikio linakwambia. Mwisho wa yote ni sikio, kalamu inafuata.

fundi_vina

Kwahiyo sheria ikikwama tunakimbilia sikio. Sawa.

Mpwani254

Jamani nimeusoma huu uzi nikalia. Mimi ni mtu wa Mombasa nimesomea Nairobi, mwaka wa kwanza nilikuwa nikisikia adhana ya mbali nashika simu nampigia mamangu, ukweli si kwa sababu ya adhana, ni kwamba wakati ule nyumbani ndio mbaazi zatelekwa. Wenzangu darasani wakinicheka kwa Kiswahili changu wasema naongea kama redio. Nikaacha kuongea. Mwaka mzima wanijua yule dada mkimya, na kwetu mimi ndiye niliokuwa nikiambiwa nyamaza. Sijui kama yahusiana na shairi.

Malenga_Mstaafu

Yahusiana sana binti yangu. "Kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa nyamaza" hilo ni shairi jingine, na liandike wewe, huyu kijana asije akalichukua.

Mpwani254

😂😂 Aandike ya Makete, ya mbaazi niachie.

huria_tu

Mi sielewi kwanini mnamtesa kijana na hesabu. Hayo maelezo aliyoyaandika ya sweta na godoro yangewekwa mistari mifupi mifupi bila vina ingetosha. Kezilahabi alitoa Kichomi 1974, diwani ya mashairi huru, huo mjadala wa vina uliisha zamani, nyie mnaurudisha. Upweke una vina? Mtu akilia analia kwa mizani?

Malenga_Mstaafu

Haukuisha na hautaisha, na mimi Kichomi nakipenda. Ila usiseme arudhi haibebi upweke. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972, mashairi ya kifungoni yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yana vina na mizani na upweke wa pale si wa kukosa chumba. Huyu kijana kwa kibwagizo cha simu anahitaji kitu kinachorudi kila baada ya muda uleule, kama Jumapili inavyorudi. Huria ingeweza, lakini ingebidi atafute namna nyingine ya kurudia.

huria_tu

Sijashawishika ila sawa, kibwagizo nimekipenda.

chingaWaSavei

Dogo kubebwa mwaka wa kwanza si kosa, ila nenda kaulizie tena vyumba, kuna watu wanaahirisha mwaka vyumba vinabaki. Na bumu likichelewa nenda kwa afisa mikopo wa chuo uulize kama ulisaini, wengine wanasubiri kumbe hawajasaini.

KijanaWaBaridi

Nimesaini kaka. Asante, la vyumba nitaulizia.

Wakuu nimeandika upya jana usiku. Naweka beti tatu:

*Sweta ulonifumia, lipo kwenye begi chini,*
*Moshi bado lanukia, ule wa kwetu jikoni,*
*Joto likinizidia, nalinusa godoroni,*
*Mama mimi ni mzima, chakula nakula vyema.*

*Nimebebwa na mwenzangu, chini ninajilalia,*
*Usiku miguu yangu, mlango inafikia,*
*Wakirudi ndugu zangu, juu wanairukia,*
*Mama mimi ni mzima, chakula nakula vyema.*

*Bumu halijaingia, pasi ndefu naipiga,*
*Saa kumi nangojea, nipate wali na mboga,*
*Tumbo likinililia, kwa maji ninaliaga,*
*Mama mimi ni mzima, chakula nakula vyema.*

dadaWaKibaha

Wewe. "Kwa maji ninaliaga." Nimekaa kimya kidogo hapa.

fundi_vina

Nimehesabu. Nane nane kote, nikikubali hiyo "m" ya mzee. Vina safi. Ila "ulonifumia" sio Kiswahili fasaha, ni ulilonifumia.

Malenga_Mstaafu

Ni ulilonifumia, na mtunzi ameikata ikawa ulonifumia, hiyo ni ruhusa ya mshairi toka enzi za Muyaka. Ukiirudisha LI inakuwa swe-ta-u-li-lo-ni-fu-mi-a, tisa. Hapo unaponyoosha sarufi ndio unapopindisha mshororo.

Kijana, hongera. Nina mambo mawili. Ubeti wa tatu una maneno mawili ya chuoni, bumu na pasi ndefu. Jarida ni la chuo, wote watayaelewa, usiyaeleze. Pasi ndefu ndiyo inayobeba ubeti, ukiandika "mlo mmoja kwa siku" unapoteza utani wa watu wenye njaa, na utani ule ndio unaouma. La pili, bado hujamaliza. Mama yupo kilimani anahema na hujamwingiza. Shairi zima anaongeleshwa tu.

dadaWaKibaha

Naomba nichangie kitu kama mama sasa, manake mi nina mtoto chuo huko Dodoma. Hivi kijana unadhani mama yako hajui? Mtoto akiniambia "nimekula mama" najua kwa sauti tu kama kala. Sisemi kitu manake sina cha kumtumia siku hiyo. Na mimi nikiulizwa hali nasema nzima wakati presha imepanda. Kwahiyo mnadanganyana wote wawili, na kila mmoja anajua. Hiyo ndo ingekuwa ubeti wa mwisho, mama naye ajibu.

Malenga_Mstaafu

Dada umenipiku. Hapo ndipo.

mhariri_wa_zamani

Naingia kwa upande mwingine, niliwahi kupanga kurasa za jarida la wanafunzi kipindi nasoma. Shairi hili litaharibikia kwenye kurasa kama hutachukua tahadhari, nimeona mengi yakifia hapo.

Majarida mengi ya vyuo ni A5, upana milimita 148, na mpangaji anapenda kugawa safu mbili. Ukitoa pembezoni kila safu inabaki na kama milimita 55, kwa herufi za kawaida za pointi 10 zinaingia kama thelathini hivi. Mshororo wako wa kwanza una herufi arobaini pamoja na nafasi. Kwahiyo utavunjika wenyewe, na kompyuta haijui pumziko liko wapi, itakatia penye nafasi. Utapata "Sweta ulonifumia, lipo kwenye" halafu chini yake "begi chini" peke yake. Kila mshororo unakatika pake, kina cha kati kinapotea katikati ya mstari na msomaji anaona fujo tu.

Una njia mbili. Moja, omba ukurasa mzima bila safu, A5 nzima inameza arobaini bila shida. Mbili, kama wamekataa, vunja mwenyewe penye koma na usogeze nusu ya pili ndani kidogo, hivi:

*Sweta ulonifumia,*
*— lipo kwenye begi chini,*

Ubeti unakuwa mistari minane lakini vina vyote vinakaa mwisho wa mstari vinaonekana. Kwa beti nne hiyo ni mistari 32 na nafasi kati ya beti, inaingia safu moja na kidogo. Usiwaachie wao waamue.

Na kuhusu ile ulonifumia aliyosema fundi, ndio hasa nilikuwa naitaka. Mhakiki wa jarida ni mwanafunzi mwenzio, ataona kama kosa la kuandika na ataiweka LI kwa nia njema kabisa. Chini ya shairi andika maelezo kwa mhariri, mstari mmoja: maneno yamekatwa kwa makusudi ya mizani, tafadhali yasirekebishwe. Halafu omba kuona kurasa kabla hazijaenda kuchapwa. Wengi wanakubali, tatizo waandishi hawaombi.

KijanaWaBaridi

Kaka hii sikuwahi hata kuifikiria, asante sana. Nitaomba ukurasa mzima.

chingaWaSavei

Swali la kizushi, hilo shairi likitoka si mama atalisoma? Si utakuwa umemwambia kila kitu?

KijanaWaBaridi

Jarida halifiki Makete.

Mpwani254

Wazituma picha WhatsApp siku hizi, mtu wa kijijini kwenu aliyepo hapo chuo aweza kumrushia. Waweka jina lako ama la kupanga?

KijanaWaBaridi

Hapo umenipa kazi. Nafikiria jina la kupanga.

dadaWaKibaha

Weka jina lako. Akilisoma atalia siku moja halafu atajivunia.

chingaWaSavei

Weka la kupanga. Atauza mbuzi huyo.

KijanaWaBaridi

Ubeti wa nne huu hapa, nimetumia wazo la dada wa Kibaha. Mama ndo anajibu kwenye kituo:

*Kilimani umepanda, mtandao kutafuta,*
*Pumzi zinakushinda, maneno unayavuta,*
*Nauliza, umekonda? Kikohozi chakukata,*
*"Nami mwanangu mzima, mahindi yaota vyema."*

huria_tu

Okei. Nimenyamaza.

fundi_vina

Mi nina tatizo kubwa hapa na sio la mizani. Kibwagizo hakibadilishwi. Umeshakirudia mara tatu, mara ya nne unabadili, hiyo ni kuvunja sheria. Sheikh Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mwaka 1954 na watu wanazifuata mpaka leo, huwezi kuamka asubuhi ukabadili kituo.

Malenga_Mstaafu

Fundi, kitabu hicho nakiheshimu kuliko unavyodhani. Ila kuna mashairi yasiyo na kibwagizo kabisa, kila ubeti na kituo chake, na hayajafukuzwa kwenye ushairi. Alichofanya kijana ni kukibakisha kiunzi: MA na MA, mizani ileile, "mzima" pale pale na "vyema" pale pale. Sikio linasikia kibwagizo kimerudi, halafu linagundua anayesema si yule. Angebadili na vina ningekuwa upande wako.

fundi_vina

Bado ni kuvunja. Na zile alama za kunukuu kwenye shairi la arudhi ndo nini?

Malenga_Mstaafu

Hapo kwenye alama nakubali nusu. Kijana, jaribu kuzitoa usome kwa sauti. "Mwanangu" peke yake inatosha kuonyesha ni mama anasema. Ukiziacha mhakiki naye atataka kuweka alama kwenye vibwagizo vya juu ili vifanane.

mhariri_wa_zamani

Ataweka. Namjua.

dadaWaKibaha

Mi mahindi yamenigusa kuliko kikohozi. Mama anabadilisha habari. Ndo tunavyofanyaga.

Mpwani254

Kikohozi kwangu kimezidi kidogo. Ashapanda kilima ahema, tayari twajua. Ukimtia na kikohozi waanza kuomba machozi. Labda kicheko? Mtu akiulizwa umekonda acheka.

KijanaWaBaridi

Nilianza na kicheko dada, "kicheko ukakileta", nikaona kama anafurahi kweli. Ila kikohozi ni cha kweli, alikohoa Jumapili iliyopita na nikiuliza akasema ni vumbi. Kule mvua zimeanza, vumbi linatoka wapi.

Mpwani254

Basi bakisha. Lakini hiyo ya vumbi ungeipata pa kuiweka!

Malenga_Mstaafu

Usiiweke. Beti nne zinatosha, wameruhusu sita haimaanishi ujaze sita. Ubeti ule wa "nitasoma kwa bidii" natumaini umeuzika.

KijanaWaBaridi

Nimeuzika mzee 😂. Nimetoa alama za kunukuu, nimeandika kale kamaelezo ka mhariri, kichwa nimeweka "Simu ya Jumapili". Natuma leo kabla chumba hakijajaa watu, saivi nimepata dawati. Jina bado sijaamua, fomu yao ina sehemu ya jina la kalamu.

fundi_vina

Tuma lakini ujue kituo cha mwisho nimekataa. Na wakikuuliza hesabu ya "pumzi" usinitaje.

chingaWaSavei

Dogo, ulienda kuulizia chumba?

KijanaWaBaridi

Nimeenda leo asubuhi kaka, wamesema nirudi Jumatatu na barua.